"Maji Asilimia 100": Kuandika Upya Maelezo ya Huduma Kwenye Tovuti

Katika mafunzo yetu kwa wafanyabiashara wadogo tunapenda kutumia mfano wa kampuni ya kuchimba visima, kwa sababu biashara hiyo ina jambo moja lisilofichika: unaweza kuchimba vizuri kabisa na maji yasitoke. Haya ndiyo maelezo tunayoanza nayo:

"Sisi ni kampuni nambari moja Tanzania kwa uchimbaji wa visima. Tuna wataalamu waliobobea na mitambo ya kisasa. Tunatoa huduma bora, ya haraka na kwa bei nafuu kuliko zote. Tunakuhakikishia maji kwa asilimia 100."

Toa maneno "uchimbaji wa visima", weka "matengenezo ya magari", nawe utakuwa umeandika tovuti ya gereji. Asilimia 100 ndiyo inayohusu maji, na hiyo ndiyo hatari zaidi. Upimaji wa kabla ya kuchimba hupitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani wake. Unaonyesha tabaka za udongo na mwamba na mahali maji yanapoelekea kuwepo, lakini hauyaoni maji yenyewe. Anayeahidi asilimia 100 anaahidi kitu asichokuwa na uwezo nacho, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa maelezo ya namna hiyo.

Kazi ya kuandika upya haianzi na maneno matamu zaidi. Anza na simu. Muulize anayepokea simu ofisini wateja huuliza nini. Kwa visima ni yale yale kila siku: Maji yakikosekana nitalipa? Bei hiyo ni mpaka maji yatoke bombani, au ni ya kuchimba tu? Yatafaa kunywa? Hakuna anayeuliza kama ninyi ni nambari moja.

Kisha chukua kila sifa uliyojipa, uiulize: ili iweje? Tuna mitambo ya kisasa. Ili iweje? Inafika mita 200. Ili iweje? Mteja ambaye maji yake yako chini sana hatalazimika kutafuta mtambo mwingine kazi ikiwa nusu. Hapo umefika kwenye faida, na "ya kisasa" haina kazi tena. Neno "haraka" nalo lipeleke kwenye daftari la kazi. Mara nyingi utakuta kuchimba kwenyewe ni siku chache, ila kibali cha bodi ya maji ya bonde na majibu ya maabara vinasogeza tarehe. Andika muda wote, tangu mteja alipe hadi pampu ifungwe, maana kwa mteja huo ndio muda.

Baada ya hapo maelezo yanakuwa hivi:

"Tunachimba visima virefu kwa nyumba, shule na mashamba, Morogoro na Dodoma. Kabla ya kuchimba tunapima eneo lako na kukupa ripoti inayoonyesha pa kuchimba na makadirio ya kina. Upimaji hupunguza uwezekano wa kukosa maji, hauuondoi. Kisima kikitoka kikavu, unalipia upimaji na nusu ya bei ya mita zilizochimbwa; pampu hulipii. Maji yakipatikana, tunayapampu saa 24 mfululizo kujua kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, ndipo tunachagua pampu isiyozidi uwezo wake, isije ikakausha kisima na kuungua. Sampuli inapimwa maabara na majibu unakabidhiwa kwa maandishi."

Ni marefu kuliko ya mwanzo, na sioni ubaya wowote. Tazama lakini sentensi ya saa 24: kipimo kimekaa pamoja na sababu yake. Ukiandika "tunafanya majaribio ya kupampu" peke yake, fundi mwenzako ataelewa, mwenye shamba hataelewa. Na hakuna mahali tulipoandika "maji safi na salama". Maabara ndiyo itakayosema. Kuna maeneo, kwa mfano Arusha, ambako maji ya ardhini yana madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kwa macho huwezi kuyatambua.

Wenye kampuni hubisha kwenye sentensi ya kisima kikavu. "Mtafukuza wateja!" Huenda mmoja akaondoka. Lakini swali hilo angeliuliza tu kwenye simu, au vibaya zaidi, angeliuliza akiwa amesimama kando ya shimo lisilo na maji, risiti mkononi.

Kabla ya kuweka maelezo hewani, mpe yule anayepokea simu ayasome kwa sauti. Akifika mahali akasema, "Hapa mimi huwa nawaambia vingine," sahihisha hapo.