Jina liko kwenye CR12, lakini kampuni ni ya nani?

Hapa Kenya, anayetaka kujua kampuni ni ya nani huomba CR12, hati ya Msajili wa Kampuni inayoonyesha wakurugenzi, wanahisa na hisa za kila mmoja. Wengi huisoma kana kwamba ni hati ya umiliki. Lakini CR12 inakuambia hisa zimeandikwa kwa jina la nani. Haikuambii pesa zinaishia kwa nani.

Huo si uzembe wa msajili. Sheria ya kampuni ya Uingereza ya 1862 ilikataza kuandika katika daftari la wanahisa kwamba hisa fulani zimeshikwa kwa amana ya mtu mwingine, na katazo hilo tulilirithi. Lilikuwa na sababu yake: kampuni imjue mtu mmoja wa kumlipa gawio na kumhesabia kura, isiingizwe katika ugomvi wa watu wasio wanachama wake. Matokeo yake ni kwamba daftari hilo, tangu kubuniwa, halichunguzi kilicho nyuma ya jina.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisa mmoja anakaa katika kamati ya kutathmini zabuni, na anataka zabuni hiyo iende kwa kampuni yake mwenyewe. Anamtafuta karani kijana, anamlipa kidogo, na kampuni inasajiliwa ikiwa na hisa 1,000, zote kwa jina la karani. Karani ndiye mkurugenzi pia. Siku hiyohiyo anatia saini karatasi nne. Ya kwanza inakiri kwamba hisa anamshikia ofisa. Ya pili ni fomu ya kuhamisha hisa, ambayo tarehe na jina la mpokeaji vimeachwa wazi. Ya tatu ni barua ya kujiuzulu ukurugenzi, nayo haina tarehe. Ya nne ni hati ya uwakilishi inayompa ofisa, au mtu wake, mamlaka ya kuendesha akaunti ya benki.

Karatasi hizo hufungiwa kabatini kwa ofisa na hazipelekwi kwa msajili. Karani akianza ukaidi, tarehe hujazwa na shughuli yake imekwisha. Ukiomba CR12 utaona jina la karani peke yake, na kila kilichoandikwa humo kitakuwa sahihi kisheria.

Si kila anayeshika hisa kwa niaba ya mwingine ana nia mbaya. Benki zinazotunza hisa za wateja wao kwenye soko la Nairobi huzishika kwa jina la kampuni zao za uwakala, na jambo hilo linajulikana wazi. Tatizo ni pale niaba inapofichwa.

Kwa upande wa ukurugenzi, nawasihi vijana wanaoombwa "jina tu" wasikilize vizuri. Sheria haina mkurugenzi nusu. Ukiandikwa, una wajibu wote wa mkurugenzi, na kusema kwamba ulikuwa ukifuata maagizo ya mtu hakukutoi. Yule anayetoa maagizo naye sheria inamtambua kama mkurugenzi kivuli, lakini ni lazima kwanza aonekane, na jina linaloonekana ni lako.

Tangu 2020 kampuni za Kenya zinatakiwa kuwasilisha kwa msajili taarifa za wamiliki halisi (Watanzania huwaita wamiliki manufaa). Anahesabika hivyo mtu anayeshika, moja kwa moja au kupitia wengine, angalau asilimia 10 ya hisa au ya kura, anayeweza kuteua au kuondoa mkurugenzi, au mwenye ushawishi mkubwa juu ya kampuni. Ofisa wetu anaingia humo bila shaka. Lakini taarifa hizo huletwa na kampuni yenyewe, na anayejaza fomu ni karani yuleyule. Akijiandika yeye, uongo umesimama mpaka mtu aukague.

Ukaguzi huanza kwa kutazama jina moja lilivyotapakaa. Mwaka 1998, ripoti kuhusu visiwa vya Mfereji wa Uingereza ilionyesha kwamba wakazi wa Sark, wasiozidi mia chache, walikuwa na nafasi za ukurugenzi zipatazo 15,000. Hakuna binadamu anayeweza kuongoza kampuni kwa maelfu.

Jina likiwa moja tu, kama la karani, fuata pesa. Uliza nani anatia saini benki, na kama ana hati ya uwakilishi, ilitolewa lini. Iliyotolewa wiki ileile ya usajili inahitaji maelezo. Angalia kama faida yote inatoka kwa sura ya kulipa "mkopo" ambao kampuni haikuwahi kuupokea. Kisha mkalishe mkurugenzi peke yake, bila wakili wala "mshauri", umuulize bidhaa alinunua wapi na kwa bei gani. Karani wa mfano wetu ataomba kwanza apige simu. Muulize anampigia nani.