“Stradli haijali upande”: dhana ninayoisikia kila wiki

Wiki iliyopita mteja alifungua kompyuta yake mezani kwangu hapa Posta, akanionyesha ile picha ya faida yenye umbo la herufi V, akaniambia: “Dada, nimenunua kol na puti za straiki moja. Upande haunihusu tena, mimi nasubiri bei iyumbe tu.” Ni mteja wa tatu mwezi huu kuniambia hivyo, na wote watatu wanafanya biashara ya opsheni za hisa za Marekani kwa pesa zao wenyewe. Kwa hiyo naieleza dhana hiyo kwa maandishi. Kol ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, puti ni haki ya kuiuza, straiki ni hiyo bei iliyopangwa, na kol na puti za straiki moja pamoja ndiyo stradli.

Kwamba upande haukuhusu ni kweli siku ya kwanza tu. Tuchukue hisa ya dola 100, stradli ya straiki 100, miezi mitatu, na kuyumba kwa asilimia 20 kwa mwaka. Mkataba mmoja wa hisa 100 utakugharimu karibu dola 800. Delta yake, yaani kiasi thamani yake inavyosogea hisa ikisogea, siku hiyo ni sawa na kushika hisa 4 hivi, yaani karibu na sifuri.

Mwezi mmoja baadaye hisa imefika 110. Sasa delta ni kama hisa 77. Hapo huna tena dau la kuyumba, una dau la kupanda. Bei ikirudi 100 na kubaki hapo hadi siku ya mwisho, stradli inakufa bila kitu na dola 800 zako zimekwenda, ingawa hisa iliyumba mbele ya macho yako. Mwenzako ambaye hisa yake ilipanda polepole, kidogo kidogo kila siku, hadi 120, anavuna dola 1,200 juu ya gharama. Kuyumba kwa siku kulikuwa kudogo. Alicholipwa ni mwelekeo.

Kinga ya delta, yaani kuuza au kununua hisa ili delta irudi sifuri, inarekebisha hilo. Rudi pale kwenye 110: unauza hisa 77, delta inakuwa sifuri. Bei ikirudi 100, unazinunua tena na kubaki na dola 770. Karibu gharama yote ya stradli imerudi kwa kinga moja tu. Ukiendelea kusawazisha kila bei inaposogea, matokeo yako yanaanza kufuata tofauti kati ya kuyumba kulikotokea na kule ulikolipia. Mteja wangu huyo alikuwa hajauza hata hisa moja. Ombi langu kwa kila mtu ni lile lile: kabla hujanunua, andika kwenye karatasi delta yako itakuwa ngapi bei ikisogea asilimia 10 kila upande, na utauza au kununua hisa ngapi.

Wengine husema basi wahedji, yaani waweke kinga hiyo, kila dakika. Hapana. Kila muamala una ada na pengo la bei ya kununua na kuuza, na faida ya stradli si nene kiasi hicho. Wengine hukimbilia kutenganisha straiki, puti ya 95 na kol ya 105. Hiyo inapanua tu eneo lile lile, tatizo linabaki.

Tatizo lenyewe ni kwamba hata ukihedji vizuri, stradli inaona kuyumba pale tu bei ilipo karibu na straiki. Katika mfano wetu, ukiwa umebaki mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho na bei ikiwa 100, kuyumba kunakotarajiwa kukipanda pointi moja unapata kama dola 23. Bei ikiwa 120, pointi hiyo hiyo inakupa senti 17. Soko linaweza kutikisika vibaya kule 120, nawe huna chochote kinacholihisi.

Dawa ni kununua straiki nyingi, za chini kwa puti na za juu kwa kol, lakini si kwa idadi sawa. Opsheni ya straiki kubwa ina mlima wa vega, yaani wa hiyo hisia ya kuyumba kunakotarajiwa, mrefu zaidi na mpana zaidi, vyote viwili kwa kadiri ya straiki yenyewe, kwa hiyo unagawanya mara mbili: uzito ni 1/K². Kwa kila opsheni 1 ya straiki 100, unachukua takriban 1.56 za straiki 80 na 0.69 za straiki 120. Milima ikijumlishwa hivyo, mkoba unakuwa na hisia ile ile bei ikiwa popote kati ya straiki hizo. Uzito huu ndio ulio kwenye hesabu ya VIX, kipimo cha kuyumba kunakotarajiwa katika soko la hisa la Marekani, tangu 2003. Kabla ya hapo ilitegemea opsheni za karibu na bei ya soko.

Mkoba huo bado unahitaji kinga ya delta, na unachopata ni dau la varians, yaani mraba wa kuyumba. Bei ikiruka ghafla usiku, hesabu inapinda kidogo. Ikitoka nje ya straiki yako ya mwisho, uko pale pale alipokuwa mwenye stradli. Na straiki za mbali ndizo zenye wanunuzi wachache na pengo pana, kwa hiyo mwenye mtaji mdogo atapata tano au saba tu za maana. Hizo kwa uzito sahihi, na kinga mara moja kwa siku, ndizo ninazompangia mteja wangu wiki hii.