Itis, ectomy na osis: soma neno la kitabuni kuanzia mkiani

Wodi ya upasuaji, faili la mgonjwa, maneno manane yameandikwa kwa haraka:

*Appendicitis, peritonitis, leukocytosis, caecal necrosis. Laparotomy, hemicolectomy, ileostomy.*

Mwanafunzi wa uuguzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kupambana na Kiingereza sekondari huona mstari kama huu akadhani tatizo lake ni Kiingereza. Sivyo. Maneno haya karibu yote ni ya Kigiriki na Kilatini, na hata Mwingereza mwenyewe asiyesomea tiba hayaelewi. Anayezungumza Kiswahili ana nafuu ambayo walimu wengi hatuitumii: tangu sekondari anajua mzizi, kiambishi awali na kiambishi tamati. Anajua kwamba pikwa, pikia na pikisha zina mzizi mmoja, na kwamba mkia ndio unaosema kilichotokea.

Kuna nafuu nyingine kubwa kuliko hiyo. Chukua *cholecystectomy*. Vipande vyake ni *chole*, nyongo, *cyst*, mfuko, *ectomy*, kuondoa kwa upasuaji. Ukivisoma kuanzia mbele unapata "nyongo, mfuko, kuondoa", na hakuna anayezungumza hivyo. Anza nyuma: kuondoa mfuko wa nyongo. Hiyo ni sentensi ya Kiswahili iliyo tayari. Kiswahili huweka kitendo kwanza, kitu baadaye, sifa mwisho. Maneno ya kitabuni yamepangwa kinyume. Kwa hiyo mtu anayekariri orodha kuanzia kushoto anajitesa bure.

Turudi kwenye faili, tuchambue mkia mmoja mmoja.

*Itis* imeonekana mara mbili. Inaeleza kwamba sehemu ya mwili imevimba na kuwaka, kwa zile dalili nne zinazofundishwa tangu enzi za Warumi: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. *Appendicitis* ni kuvimba kwa kidole tumbo. *Peritonitis* ni kuvimba kwa utando unaofunika viungo vya tumboni, ndiyo maana tumbo la mgonjwa huyu ni gumu kama ubao ukiligusa. Wanafunzi wengi hukosea palepale wanapotafsiri *itis* kuwa "maambukizi". Neno halisemi chochote kuhusu vijidudu. Mgonjwa wa *dermatitis* anaweza kuwa ameunguzwa ngozi na sabuni kali, na wa *gastritis* anaweza kuwa amekunywa dawa za maumivu kwa muda mrefu. Ukiona *itis*, tafuta dalili nne; chanzo utakisoma kwenye vipimo. Na hiyo *gastritis*, ambayo mtaani kila mtu huiita vidonda vya tumbo, haisemi kwamba kuna kidonda. Utando wa ndani wa tumbo unaweza kuvimba bila kuchimbika.

*Osis* nayo iko mara mbili, na ndiyo inayosumbua zaidi kwa sababu ni kapu kubwa. Kwa msingi maana yake ni "hali", basi. Ni hali gani? Mzizi ndio unaojibu. *Necrosis*: *necr* ni maiti, kwa hiyo ni hali ya tishu kufa, na *caecal* inakuonyesha kwamba kilichokufa ni mwanzo wa utumbo mpana, pale kidole tumbo kinapoanzia. *Leukocytosis* isome kinyumenyume tena: hali, seli, nyeupe. Hapa kuna kanuni ndogo inayookoa wanafunzi wangu kila mwaka: *osis* ikija baada ya seli za damu, kwa kawaida hali inayosemwa ni kuongezeka. Mtu mzima huwa na seli nyeupe takriban 4,000 hadi 11,000 kwa mikrolita moja ya damu. Huyu wa kwetu tuseme ana 18,000. Zingepungua, mkia ungebadilika kuwa *penia*, yaani upungufu.

Wale wanaokwenda Mirembe kwa mafunzo ya afya ya akili watakutana na *psychosis* siku ya kwanza. Ni hali ya akili, na hakuna kilichovimba. Wanaopangiwa vituo vya wafugaji wataikuta *brucellosis*, ugonjwa unaoletwa na bakteria wa *Brucella*, ambao mtu anaweza kuupata kwa maziwa yasiyochemshwa. Hapo *osis* imeshikizwa kwenye jina la kijidudu kuonyesha hali inayoletwa nacho. Ajabu ni kwamba *osis* hii ina maambukizi ndani yake wakati *itis* nyingine haina, kwa hiyo yule aliyekariri kwamba *itis* ni maambukizi na *osis* si maambukizi atapotea mara mbili.

Tofauti ya kweli kati ya mikia hii miwili huonekana vizuri inaposhikizwa kwenye mzizi uleule. Utumbo mpana wa baadhi ya watu, hasa wazee, huota vijifuko kwenye ukuta wake. Kuwa navyo tu, hata bila kuumwa, ni *diverticulosis*. Siku vikivimba na kuuma, ni *diverticulitis*. Wa kwanza anaweza kuishi bila kujua. Wa pili anaweza kulazwa.

Sasa upande wa upasuaji, ambako herufi moja au mbili hubadilisha kazi yote ya muuguzi. Usikariri *tomy*, *ectomy* na *stomy* kama vitu vitatu visivyohusiana. *Tomy* ni kukata. *Ec* ni nje, kwa hiyo *ectomy* ni kukata na kutoa nje. *Stomy* imetoka kwenye *stoma*, mdomo, kwa hiyo ni kutengeneza tundu litakalobaki wazi.

Mgonjwa wetu amefanyiwa vyote vitatu. *Laparotomy*: tumbo limekatwa ili daktari aone ndani. Neno hilo peke yake halisemi kama kuna kilichotolewa, na ndugu akikuuliza usijibu kwa kubahatisha. *Hemicolectomy*: kuondoa, utumbo mpana, nusu. *Ileostomy*: mdomo umetengenezwa kwenye *ileum*, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na umetokezwa kwenye ngozi ya tumbo.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona hawakuandika *appendectomy*, na ugonjwa ulianzia kwenye kidole tumbo? Kwa sababu sehemu iliyokufa ndiyo iliyokishikilia. Ukiondoa nusu ya kulia ya utumbo mpana, kidole tumbo kimeondoka nayo, na hakihitaji jina lake.

Angalia jinsi mikia hiyo inavyokupa kazi kabla hujasoma ukurasa unaofuata. *Tomy* inakuambia kuna mshono wa kuangalia. *Ectomy* inakuambia kuna kiungo, au sehemu yake, ambayo mgonjwa hana tena. *Stomy* inakuambia uinue shuka utafute tundu na mfuko. Tundu lenye afya ni jekundu au la waridi, na lina unyevu. Likigeuka zambarau iliyoiva au jeusi, damu haifiki, na daktari aitwe sasa hivi. Kwa kuwa mzizi ni *ile* na si *col*, kinachotoka ni majimaji: utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji, umerukwa. Kikizidi lita 1.5 kwa siku, mgonjwa yuko kwenye hatari ya kukaukiwa maji na chumvi. Angekuwa na *colostomy*, kwa kawaida ungetegemea kinyesi kizito zaidi. Na anayechanganya *colostomy* na *colectomy* anaweza kuwaambia ndugu kwamba utumbo umeondolewa ilhali umetobolewa tu.

Kuna mahali *stomy* haina mfuko. Ukiona viungo viwili vimetajwa mbele yake, kama *gastrojejunostomy*, mdomo umetengenezwa ndani kwa ndani: tumbo limeunganishwa na utumbo mwembamba, na juu ya ngozi hutakuta tundu lolote isipokuwa mshono. Kwenye koo la hewa nako mambo si safi. Kwa kanuni *tracheotomy* ni kulikata na *tracheostomy* ni tundu linalobaki, lakini vitabu vingi na madaktari wengi huyatumia kama neno moja. Hapo mwangalie mgonjwa mwenyewe.

Ile *o* inayojitokeza katikati, kama kwenye *gastrojejunostomy*, haina maana yoyote. Ni irabu ya kuunganisha, imewekwa ili ulimi upite, na huanguka mkia ukianza na irabu: ndiyo maana ni *gastritis* na si *gastroitis*. Ukiijua hiyo hutasumbuka kutafuta *otomy* kwenye faharasa. Mkia ni *tomy*, *o* imeazimwa.

Viambishi vya mbele nitavipitia haraka, kwa sababu vingi ni idadi, mahali au kiasi, na hukaririka. Viwili tu ndivyo vya kuogopa: *hypo*, chini ya kawaida, na *hyper*, juu ya kawaida. Kwa matamshi yetu hutoka "haipo" na "haipa", na kwenye makabidhiano ya zamu wodi ikiwa na kelele hazitofautiani. Wanafunzi hujisaidia kwa "haipo", kwamba sukari haipo, na inafanya kazi mradi ukumbuke kwamba imeshuka tu, haijaisha: *hypoglycaemia* inaanza sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L. Kwenye makabidhiano mimi nataka wataje namba na kusema "imeshuka" au "imepanda", Kiswahili kavu, kisha waandike neno la kitabuni kwenye faili.

Njia hii ina mipaka. Mizizi mingine ina maana mbili: *cyst* kwenye *cystitis* ni kibofu cha mkojo, lakini kwenye *ovarian cystectomy* ni kifuko cha maji kilichoota kwenye ovari, na kibofu hakijaguswa. Jiulize kila mara, mfuko wa nini? Magonjwa mengine yalipewa jina kabla hayajaeleweka. *Oma* kwa kawaida ni uvimbe ulioota, lakini *trachoma*, ugonjwa wa macho ambao Kongwa imejulikana nao kwa miaka mingi ya utafiti, si uvimbe wa aina hiyo. Jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutokuwa laini, kwa jinsi upande wa ndani wa kope unavyokuwa na vipele. Ukiendelea, kope hugeukia ndani na nywele zake kukwaruza jicho, na hapo kitabu kinaandika *trichiasis*: *trich*, nywele, na *iasis*, ndugu wa *osis*. Neno linakupa "hali ya nywele" na kuishia hapo. Kwamba nywele hizo ni za kope, na kwamba zinaweza kumpofusha mgonjwa, hutakuta kwenye kipande chochote cha neno. Hilo linasomwa kwenye aya, kisha linaangaliwa kwa tochi.