Kuambiana siri si ushahidi wa mapenzi

Kuna ujumbe unaosambazwa usemao: "Mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki tu, ukiona wanaambiana siri zote, ujue tayari ni wapenzi."

Dai hili si sahihi, kwa kuwa ukaribu na kuaminiana hupatikana katika urafiki na katika mapenzi pia. Dalili za mapenzi ni nyingine: tamaa ya mwili, mawazo yanayomrudia mtu yule yule bila kuitwa, na haja ya kuwa wa pekee kwake. Tuseme mmoja wa marafiki wawili amepata mchumba. Rafiki hufurahi, ingawa huenda akasikitika kwamba mazungumzo yao yatapungua. Mwenye mapenzi huumizwa na kuwapo kwa mchumba, hata akihakikishiwa kwamba mazungumzo hayatapungua.

Mkanganyiko unaeleweka. "Nakupenda" huambiwa mama, rafiki na mchumba, na waandishi humwita hata wasiyemjua "mpenzi msomaji". Tena mpaka wenyewe husogea, kwani urafiki wa miaka mingi unaweza kuzaa tamaa, pengine upande mmoja tu, na hapo kinachofaa ni kumuuliza mhusika, si kuhesabu simu zake. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, kwa sababu huwatia wenza shaka kwa dalili isiyothibitisha lolote.