Msukumo wa roketi: hewa ya nje haisaidii, inapunguza

Dhana: roketi hupaa kwa kuisukuma hewa iliyo nyuma yake.

Hii ni dhana potofu kongwe. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli mtafiti wa roketi Robert Goddard kwa hoja hiyohiyo, likajisahihisha Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini. Msukumo hutokana na kutupa gesi nyuma, na hewa imo kwenye hesabu kama kitu cha kutoa:

```
F = ṁ·Ve + (pe − pa)·Ae
```

Hapo ṁ ni kilo za gesi zinazotoka kila sekunde, Ve ni kasi yake mdomoni mwa nozeli, yaani bomba linalotoa gesi nyuma ya injini, Ae ni eneo la mdomo huo, pe ni shinikizo la gesi inapotoka na pa ni shinikizo la hewa ya nje.

Dhana: huko juu injini hupata nguvu kwa sababu gesi hutoka kwa kasi zaidi.

Hata wanaoijua fomula hunaswa hapa. Kwenye koo la nozeli, sehemu yake nyembamba zaidi, gesi hufikia kasi ya sauti, kisha huipita. Badiliko la shinikizo la nje husafiri kwa kasi ya sauti tu, basi haliwezi kupenya kurudi ndani, na maadamu gesi imeijaza nozeli, ṁ, Ve na pe hubaki vilevile. Kinachoshuka ni pa peke yake.

Chukua RS-25, injini kuu ya chombo cha Space Shuttle. Ikifanya kazi kwa nguvu ileile, hutoa takriban kN 1,860 usawa wa bahari na kN 2,279 penye ombwe: tofauti ni kN 419. Mdomo wake una kipenyo cha mita 2.3 hivi, yaani eneo la mita za mraba 4.15. Zidisha kwa kPa 101.3 za hewa ya usawa wa bahari, unapata kN 420. Tofauti yote imetoka kwenye pa·Ae.

Dhana: pe ikiizidi sana pa ni faida, maana mabano yanakuwa chanya.

Yanakuwa chanya, ila Ve imepungua. Fikiria unaongeza pete moja ya ukuta kwenye ncha ya nozeli. Ikiwa gesi ndani ya pete inasukuma zaidi kuliko hewa ya nje, pete hiyo inaongeza msukumo, kwa hiyo nozeli ilikuwa fupi mno. Hewa ikishinda, pete inavuta nyuma. Kilele kiko pale pe inapolingana na pa, na kwa nozeli isiyobadilika umbo, hilo hutokea kwenye kimo kimoja tu.

Ukirefusha kupita kiasi kwa ajili ya ombwe, hatari huja ardhini. Pe ikishuka hadi kama theluthi ya pa, gesi hubanduka ukutani, tena si sawasawa pande zote, na nozeli hupigwa ubavuni. RS-25 ikiwashwa, sekunde za mwanzo kabla shinikizo halijapanda, ukingo wa nozeli huonekana kabisa ukitikisika.