Jedwali la utahini ni nini?

Jedwali la utahini ni ramani ambayo mwalimu huichora kabla ya kutunga swali hata moja. Mistari yake ni umahiri mahususi uliomo kwenye muhtasari wa somo. Safu zake ni ngazi za kufikiri zinazodaiwa kwa mwanafunzi. Kila kisanduku hubeba alama.

Tuchukue mwalimu wa Hisabati wa skuli ya msingi Wete, mtihani wa alama 50. Muhula ulikuwa na vipindi 40: vipimo 20, sehemu 12, takwimu 8. Vipimo vimekula nusu ya vipindi, basi vipate nusu ya alama, yaani 25. Kwa hesabu hiyo hiyo sehemu zinapata 15 na takwimu 10. Kisha anazigawa kwa ngazi:

| Umahiri | Kukumbuka | Kutumia | Kuchambua | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Vipimo | 5 | 12 | 8 | 25 |
| Sehemu | 4 | 7 | 4 | 15 |
| Takwimu | 2 | 5 | 3 | 10 |
| Jumla | 11 | 24 | 15 | 50 |

Hadi hapo ni hesabu tu. Kazi ni kuyaweka maswali kwenye visanduku vyake. "Kilo moja ina gramu ngapi?" ni kukumbuka, halina ubishi. Sasa tazama hili: karafuu mbichi kilo 12 zilipokauka vizuri zilibaki kilo 4. Jirani ameanika kilo 18, leo amepima akapata kilo 7 na nusu. Je, azianue akauze? Mtoto lazima agundue mwenyewe kwamba zilizokauka hubaki thuluthi, aone kuwa kilo 18 zingeshuka hadi 6, kisha aamue kwamba bado zina maji. Huko ni kuchambua.

Lakini swali hilo likiwa lilifanywa ubaoni wiki iliyopita kwa tarakimu zile zile, limeshuka hadi kukumbuka, hata kama limeandikwa "chambua" kwa wino mzito. Wengi hupanga maswali kwa kuangalia kitenzi, na jedwali linapendeza huku mtihani wote ni wa kukariri. Njia ya kulijua hilo ni kumpa mwalimu mwenzio maswali bila jedwali, umwambie ayapange yeye, akijua mlichokifundisha. Mkitofautiana, rudini kwenye swali.

Kuna jambo ambalo karatasi hailiwezi. Muhtasari ukisema mwanafunzi aweze kupima uzito, kuandika jibu si kupima. Hapo mwalimu akate sehemu ya zile alama 25, tuseme 8, azipeleke kwenye zoezi la vitendo: mizani mezani, mtoto airudishe sifuri, apime, asome. Safu ya vitendo iongezwe ndani ya jedwali, maana ikiachwa nje, alama zake husahaulika matokeo yanapojumlishwa.

Na kisanduku chenye swali moja tu kisitumike kumhukumu mtoto kwamba umahiri huo hana. Huenda hakuelewa maneno ya swali. Maswali mawili au matatu ya umahiri ule ule, yenye mazingira tofauti, ndiyo yanayoanza kusema kitu.