Kuhesabu kwa taima: nini maana yake, na kwa nini katizo hupoteza mapigo

Enkoda ni kifaa kinachofungwa kwenye shafti, na kila shafti inapozunguka hutoa mapigo ya umeme: yanapanda, yanashuka. Ukiyahesabu, umejua shafti imezunguka mara ngapi. Kazi inaonekana nyepesi, lakini njia unayotumia kuhesabu ndiyo inayoamua kama utapata jibu la kweli.

Tuchukue karakana moja Malindi inayofunga waya upya kwenye transfoma za stebilaiza. Mashine yao ina enkoda ya mapigo 600 kwa mzunguko, na inakwenda mizunguko 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Hayo ni mapigo 6,000 kwa sekunde, pigo moja kila mikrosekunde 167. Ubongo wa mashine ni Arduino Uno, na wameiwekea mstari wa taa nane za WS2812 zinazoonyesha kazi imefika wapi.

Mwanzo walihesabu kwa katizo. Katizo ni kama mtu anayebisha hodi: pigo likifika, maikrokontrola inaacha ilichokuwa ikifanya, inaongeza moja, kisha inarudi kazini. Kwa mapigo 6,000 hiyo inatosha kabisa, maana shughuli yote huchukua mikrosekunde chache tu. Shida ni pale mlango unapofungwa. Taa za WS2812 zinataka mpangilio mkali wa muda, kwa hiyo maktaba inayoziendesha kwenye Uno huzima makatizo yote mpaka imalize: mikrosekunde 30 kwa kila taa, 240 kwa taa nane. Wakati huo pigo likija, chipu huweka alama moja tu kwamba kuna aliyebisha. Likija la pili, alama ni ileile. Chipu haijui kama wamebisha wawili.

Hesabu yake ni hii. Ndani ya mikrosekunde 240 mapigo huingia moja au mawili. Yakiwa mawili, moja limepotea. Taa zikichorwa mara 20 kwa sekunde, yanapotea kama mapigo tisa kila sekunde. Koili ya mizunguko 600 inachukua dakika nzima, kwa hiyo mwishoni zimekosekana hesabu 500 na kitu, karibu mzunguko mzima. Mashine inaendelea kuvuta waya ikidhani bado haijafika.

Kulijua hilo hakuhitaji osiloskopu. Piga alama ya chaki kwenye puli na nyingine kwenye fremu, zikutane, anza na sifuri. Zungusha kwa mkono mara kumi: lazima upate 6,000. Kisha endesha kwa mota, simamisha, malizia kwa mkono kuelekea mbele mpaka chaki zikutane tena. Namba iliyopo lazima igawanyike kwa 600 bila baki. Kwa mkono ikawa sawa na kwa mota ikapungua, mapigo yanapotea. Ikizidi, tazama kelele za umeme kwenye waya wa enkoda kwanza.

Dawa ni kumpa taima kazi hiyo. Kwa kawaida taima huhesabu mapigo ya saa ya ndani ya chipu, lakini Taima 1 ya Uno inaweza kuambiwa ihesabu mapigo yanayoingia pini ya 5. Hapo hakuna hodi wala mlango: saketi yenyewe inaongeza namba, hata programu ikiwa imezama kwenye taa. Kwa chipu ya megahezi 16 njia hii hubeba mapigo mpaka kama milioni 6 kwa sekunde.

```
TCCR1A = 0;
TCCR1B = _BV(CS12) | _BV(CS11) | _BV(CS10);
TCNT1 = 0;
```

Taima hiyo inafika 65,535 kisha inarudi sifuri, na kwa enkoda yetu hiyo ni mizunguko 109 tu. Usiisome kama jumla. Soma tofauti tangu ulipoisoma mara ya mwisho, na usikae sekunde 10 bila kuisoma:

```
static uint32_t jumla = 0;
static uint16_t zamani = 0;
uint16_t sasa = TCNT1;
jumla += (uint16_t)(sasa - zamani);
zamani = sasa;
```

Aina ya `uint16_t` ndiyo inayofanya utoaji uwe sahihi hata namba ikiwa imezunguka kurudi sifuri.

Gharama zipo. Maktaba ya `Servo` na PWM ya pini 9 na 10 zinatumia taima hiyohiyo, kwa hiyo utazikosa. Na zaidi ya hapo, taima hii haijui mwelekeo: fundi akirudisha puli nyuma kulegeza waya, taima inaongeza tu. Kwa mashine inayokwenda upande mmoja hilo linavumilika, mradi usirudishe katikati ya koili. Kama mwelekeo ni lazima, tafuta chipu kama STM32, ambayo baadhi ya taima zake zinasoma nyaya zote mbili za enkoda, A na B, na kupanda au kushuka zenyewe.